Mapacha, Kimo na Udumavu: Asilimia 80 Ina Maana Gani?

Mwaka 1937 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Chicago, Horatio Newman, Frank Freeman na Karl Holzinger, walichapisha kitabu kilichojaa vipimo vya mapacha. Walikuwa wamepima jozi 50 za mapacha wa kufanana na jozi 52 za mapacha wasiofanana, wa jinsia moja, waliolelewa pamoja. Kisha, kwa taabu kubwa, walitafuta jozi 19 za mapacha wa kufanana waliotenganishwa wakiwa wadogo na kukulia katika nyumba mbalimbali.

Matokeo ya kimo yalikuwa hivi. Mapacha wa kufanana waliokua pamoja walipishana kwa wastani wa sentimita 1.7. Wasiofanana walipishana sentimita 4.4, karibu sawa kabisa na ndugu wa kawaida wa tumbo moja. Na wale wa kufanana waliokulia nyumba tofauti? Sentimita 1.8 tu. Kuwatenganisha kuliongeza milimita moja.

Uzito ulisimulia hadithi nyingine. Mapacha wa kufanana waliokua pamoja walipishana kilo zisizofika mbili, lakini waliotenganishwa walipishana kilo nne na nusu, sawa na mapacha wasiofanana. Kwa hiyo vipimo havikuwa butu: nyumba na mlo viliweza kuonekana, na kwenye uzito vilionekana waziwazi. Kwenye kimo havikuonekana.

Mtu akisoma takwimu hizo na kuishia hapo, atasema kimo ni cha kuzaliwa nacho na hakuna cha kufanya. Maneno hayo tunayasikia kila siku mitaani na hata kliniki: mtoto amekuwa mfupi kuliko wenzake, na jibu ni kwamba ukoo wao ndivyo ulivyo. Naandika makala hii kwa sababu jibu hilo, lililojengwa juu ya ukweli nusu, linawanyima watoto wengi haki yao. Tuutazame ukweli wote.

Tuanze na namna hesabu inavyofanywa, maana ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja lililorutubishwa kisha likagawanyika, hivyo vinasaba vyao ni vilevile. Mapacha wasiofanana hutokana na mayai mawili na mbegu mbili; wanachangia, kwa wastani, nusu ya vinasaba vinavyotofautisha mtu na mtu, kama Kulwa anavyochangia na kaka yake aliyemtangulia. Lakini jozi zote mbili zimekaa tumbo moja kwa wakati mmoja, zimenyonya ziwa moja, zimekula chungu kimoja na kuugua malaria msimu mmoja. Hapo ndipo mapacha wanapomsaidia mtafiti: mazingira ya jozi hizi yanakaribiana, vinasaba vinapishana.

Mtafiti hupima jozi nyingi, mamia au maelfu, kisha hutafuta kipimo cha mfanano kinachoanzia sifuri hadi moja. Sifuri maana yake ni kwamba ukijua kimo cha Kulwa hujajua lolote kuhusu Doto. Moja maana yake ni kwamba ukijua cha mmoja umejua cha mwenzake bila kukosea. Katika nchi zenye chakula cha kutosha, watu wazima mapacha wa kufanana hupata kama 0.9, na wasiofanana kama 0.5. Tofauti kati ya namba hizo ni 0.4. Tofauti hiyo imeletwa na ile nusu ya vinasaba ambayo wasiofanana hawaichangii, basi vinasaba vyote vingeleta mara mbili yake, yaani 0.8. Hapo ndipo inapotoka ile asilimia 80 inayotajwa sana. Kinachobaki hugawanywa: 0.1 ni ya mambo ambayo mapacha wameyapata pamoja nyumbani, na 0.1 nyingine ni ya yale yaliyompata mmoja peke yake, pamoja na makosa ya kupima.

Makosa hayo si madogo. Mtu hupungua kama sentimita moja kati ya asubuhi na jioni, kwa sababu diski za uti wa mgongo hubanwa na uzito wa mwili mchana kutwa. Ukimpima Kulwa saa moja asubuhi na Doto saa kumi na moja jioni, umeshatengeneza tofauti ambayo haipo. Tena kuna watafiti waliotuma dodoso na kuwaachia mapacha waandike vimo vyao wenyewe, na watu hujiongezea. Zamani pia aina ya mapacha ilikisiwa kwa kuwatazama sura. Siku hizi vinasaba hupimwa.

Kuna pingamizi zito zaidi. Hesabu yetu imechukulia kwamba mapacha wa kufanana hawapati mazingira yanayolingana zaidi kuliko wasiofanana. Je, ikiwa wazazi huwalisha na kuwalea wa kufanana kwa namna moja zaidi? Jibu moja linatoka kwa wale waliotenganishwa. Utafiti wa Minnesota, ulioanzishwa na Thomas Bouchard mwaka 1979, uliwaita mapacha wa aina hiyo na kuwapima kwa siku kadhaa. Kwa kimo, mfanano wa waliokulia mbalimbali ulikuwa 0.86, na wa waliokulia pamoja 0.93. Pingamizi halikufutika, ila lilipungua nguvu. Kwa upande mwingine, watu warefu huelekea kuoana na warefu wenzao, jambo linalowafanya mapacha wasiofanana wafanane kuliko hesabu inavyotarajia, na hivyo kuifanya asilimia ya urithi ionekane ndogo kuliko ilivyo.

Ushahidi mwingine umekuja kwa njia isiyohitaji mapacha kabisa. Mwaka 2022 kundi la kimataifa lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya watu wapatao milioni 5.4 na kukuta zaidi ya sehemu 12,000 za vinasaba zinazohusiana na kimo, kila moja ikichangia kiasi kidogo mno. Zikijumlishwa, zilieleza karibu asilimia 40 ya tofauti za vimo kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa watu wenye asili nyingine, Waafrika wakiwamo, zilieleza kati ya asilimia 10 na 20, kwa sababu wengi wa waliopimwa walikuwa na asili ya Ulaya. Hata hivyo jambo la msingi limethibitika: vinasaba vya kimo vipo na vinaonekana.

Sasa tufike kwenye kiini. Asilimia 80 ya nini? Wengi hudhani kwamba mtu wa sentimita 170 amepata sentimita 136 kwa wazazi na 34 kwa chakula. Sivyo hata kidogo. Bila vinasaba hakuna mtu, na bila chakula hakuna mtu vilevile. Huwezi kuukata mwili wa mtu mmoja vipande namna hiyo. Asilimia 80 ni ya tofauti: kwa nini, katika kundi hili la watu, huyu ni mrefu na yule ni mfupi. Ni namba ya kundi, ya mahali na wakati wake.

Namba hiyo pia haioni kitu kimoja kikubwa. Chukulia jozi tatu za mapacha wa kufanana. Wa kwanza wana sentimita 150 na 151, wa pili 156 na 158, wa tatu 163 na 162. Wanafanana sana, jozi kwa jozi. Sasa fikiria kwamba wote sita wangezaliwa katika wakati ambao chakula ni bora na maji ni safi, na kila mmoja akaongezeka sentimita nane. Wa kwanza wangekuwa na 158 na 159, wa pili 164 na 166, wa tatu 171 na 170. Piga hesabu ya mfanano tena, utapata namba ileile bila kusogea hata nukta. Mazingira yamewainua watu wote sentimita nane, na hesabu ya mapacha haikuona chochote, kwa kuwa chochote kinachowapata watu wote sawasawa hakizai tofauti kati yao.

Ndiyo sababu ya ile milimita moja ya Chicago. Mapacha wale 19 walilelewa nyumba tofauti, lakini karibu nyumba zote zilikuwa Marekani, katika kizazi kimoja, nyingine za ndugu wa familia ileile. Tofauti ya sahani kati ya nyumba hizo ilitosha kumnenepesha mmoja na kumkondesha mwingine. Haikufika ile tofauti kati ya mtoto aliyeshiba na mtoto mwenye njaa. Hakuna aliyemchukua pacha mmoja akamlea kwenye neema na wa pili akamlea kwenye njaa na kuhara, na mtu mwenye utu hawezi kufanya jaribio hilo.

Mwanabiolojia Richard Lewontin alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa mbegu. Chukua gunia la mahindi yenye mbegu mchanganyiko, changanya vizuri, panda viganja viwili kwenye mashamba mawili. Shamba la kwanza lina rutuba sawa kila mahali, la pili limekosa virutubisho, nalo ni sawa kila mahali. Ndani ya kila shamba, tofauti za urefu wa mimea zote zinatokana na mbegu, maana udongo ni uleule. Lakini tofauti kati ya shamba na shamba yote ni ya udongo. Urithi unaweza kuwa asilimia 100 katika kila shamba, na bado mahindi ya shamba la pili yakawa mafupi kwa sababu ya udongo pekee.

Kwa binadamu jambo hili si nadharia. Mwaka 2016 ulitoka uchambuzi uliokusanya jozi 143,390 za mapacha kutoka nchi 20, waliozaliwa kati ya mwaka 1886 na 1994. Katika miaka hiyo zaidi ya mia moja vimo vya wastani vilipanda. Mchango wa urithi kwenye tofauti za vimo ulikuwa kati ya asilimia 69 na 84 kwa wanaume, na kati ya 53 na 78 kwa wanawake, bila kuonyesha kupanda wala kushuka kwa mpangilio kadiri vizazi vilivyopita. Watu walirefuka, urithi ukabaki palepale. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Mwaka huohuo uchambuzi mwingine, wa vimo vya watu wazima wa dunia nzima, ulionyesha kwamba wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 ni warefu kuliko waliozaliwa mwaka 1896 kwa sentimita 20. Karne moja ni vizazi vinne au vitano, muda mfupi mno kwa vinasaba vya taifa kubadilika kiasi hicho. Kilichobadilika ni sahani, maji, chanjo na hali ya mama mjamzito. Na mabadiliko hurudi nyuma pia: uchambuzi huohuo ulikuta kwamba katika baadhi ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara waliozaliwa karibuni ni wafupi kuliko waliozaliwa miongo michache kabla yao.

Kisa ninachokiona kuwa na uzito kuliko vyote ni cha Wamaya wa Guatemala. Watu hawa ni miongoni mwa wafupi zaidi duniani, na kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba ndivyo walivyoumbwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto, familia nyingi zilikimbilia Marekani, na mwanaanthropolojia Barry Bogin na wenzake wakawafuata watoto wao huko Florida na Los Angeles. Mwaka 2000 watoto wa Kimaya waliokuwa wakikulia Marekani walikuwa wamewazidi wenzao wa umri huohuo waliobaki Guatemala kwa zaidi ya sentimita 11. Wazazi ni walewale, vinasaba ni vilevile, kizazi ni kimoja. Tena karibu sentimita 7 kati ya hizo zilikuwa kwenye miguu.

Kwa nini miguu? Mifupa ya mtoto hurefuka kwenye vibamba vya gegedu karibu na ncha zake, na katika miaka ya mwanzo miguu ndiyo inayokimbia mbele kuliko kiwiliwili. Chakula kikipungua protini na madini, au mtoto akiharisha mara kwa mara, mwili hupanga upya matumizi yake. Ubongo, moyo na kinga hupewa kwanza. Kurefusha mifupa kunasubiri. Ini hupunguza kichocheo kinachoviamuru vibamba vile vikue. Mtoto aliyepata homa ya wiki moja hufidia baadaye. Anayeugua na kukosa chakula miezi nenda miezi rudi deni lake huwa kubwa, na baada ya baleghe vibamba hufunga na kuwa mfupa mgumu, deni likabaki mwilini maisha yote.

Kipindi kibaya zaidi cha kukosa ni kuanzia mimba hadi mtoto afikishe miaka miwili, zile siku 1,000 zinazosemwa kliniki. Mapacha wanathibitisha hili pia. Katika umri mdogo ndipo mchango wa mazingira wanayochangia nyumbani unapokuwa mkubwa kuliko umri mwingine wowote, na kadiri wanavyokua urithi hushika nafasi. Hata ndani ya jozi ya kufanana, anayezaliwa na uzito mdogo kwa sababu kondo lilimpa damu kidogo, mara nyingi hubaki mfupi kidogo kuliko mwenzake hadi ukubwani. Vinasaba vilevile, tumbo lilelile, ila mgawo tofauti.

Hapa panajificha mtego unaotuponza. Mama aliyedumaa utotoni ana uwezekano mkubwa wa kuzaa mtoto mdogo, na mtoto huyo akiingia katika nyumba yenye mlo uleule na kisima kilekile, naye hudumaa. Bibi mfupi, mama mfupi, binti mfupi: kila anayewaona ataapa kwamba ni ukoo. Kumbe kinachorithiwa hapo kwa sehemu kubwa ni umaskini wa chakula, unaopita kizazi hadi kizazi kwa kufuata nyayo za damu.

Tutatenganishaje basi ufupi wa ukoo na udumavu? Kwa mtoto mmoja ni vigumu, kwa kundi ni rahisi. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa miji sita: Pelotas wa Brazili, Akra wa Ghana, Delhi wa India, Oslo wa Norwe, Muskati wa Omani na Davis wa Marekani. Walichaguliwa watoto ambao mama zao hawakuvuta sigara, walinyonyeshwa ipasavyo na hawakubanwa na umaskini. Vimo vyao vilikaribiana mno. Kati ya tofauti zote zilizoonekana, asilimia 3 tu zilitokana na mji anakotoka mtoto. Asilimia 70 zilikuwa kati ya mtoto na mtoto ndani ya mji mmoja. Hapo ndipo urithi unapokaa: kati ya mtoto wa Akra na jirani yake wa Akra. Kati ya Akra na Oslo, watoto wakilishwa vizuri, karibu hakuna tofauti.

Kwa vipimo hivyo, msichana wa miaka miwili kamili, akipimwa amesimama, huwa na karibu sentimita 86. Akiwa chini ya sentimita 79.3 huhesabiwa kuwa amedumaa. Katika kundi la watoto waliolelewa vizuri, wanaoangukia chini ya mstari huo kwa sababu ya ukoo wao ni wawili au watatu katika kila mia.

Sasa weka namba hiyo kando ya zetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya mwaka huohuo ilikuwa asilimia 18. Mkoani Iringa walizidi nusu, na Njombe na Rukwa walikaribia nusu. Hiyo ni mikoa inayolima mahindi ya kulisha sehemu nyingine za nchi. Kama ufupi huo ungekuwa wa ukoo, tungetarajia wawili au watatu kwa mia, siyo hamsini. Ghala limejaa, lakini uji wa mahindi matupu unamshibisha mtoto bila kumpa cha kujengea mfupa.

Ile asilimia 80 yenyewe imetoka kwa mapacha wa Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Australia na Asia ya Mashariki, ambako karibu kila mtoto anakula. Kuichukua namba ya huko na kuitumia kueleza ufupi wa mtoto wa kijiji kisicho na maji safi ni kosa la kisayansi, na mtaalamu wa afya anayelifanya anamfunga mama macho.

Kwa mzazi anayesoma haya, ombi langu ni moja. Kliniki nyingi humweka mtoto kwenye mizani na kumruhusu, na uzito unaweza kuwa mzuri huku urefu ukibaki nyuma. Omba apimwe urefu pia. Chini ya miaka miwili hulazwa chali kwenye ubao wa kupimia: mtu mmoja hushika kichwa kiguse kibao cha juu, mwingine hunyoosha magoti na kusogeza kibao cha chini hadi kiguse nyayo, miguu ikiwa haina viatu wala soksi. Namba isomwe hadi milimita na iandikwe kwenye kadi, mwezi huu na baada ya miezi mitatu. Mtoto mwenye ukoo mfupi mchoro wake uko chini lakini unapanda sambamba na mistari ya kadi. Anayedumaa mchoro wake unazidi kuiacha mistari. Ukiona hivyo kabla hajatimiza miaka miwili, usikubali kuambiwa ni ukoo: uliza kuhusu mlo, kuhara na minyoo, na mwongezee yai, dagaa, maharage au maziwa kwenye uji wake kuanzia leo.